Usinunue kamera kabla ya taa: milioni 2.4 nilizozipoteza Tabata

"Nina nyumba nne za kupangisha ndani ya uzio mmoja, Kimara. Mwezi uliopita pikipiki ya mpangaji iliibwa usiku. Nimetenga milioni 3. Fundi anasema nifunge kamera nane kwanza na mlinzi abaki yuleyule mmoja, kwa kuwa kamera hazilali. Geti nibadilishe?"

Usimpe huyo fundi kianzio. Maneno aliyokuambia ndiyo niliyoambiwa mimi mwaka 2021, mpaka hilo la kamera kutolala, na yalinigharimu shilingi milioni 2 na laki 4 pamoja na mpangaji mwema ambaye mpaka leo hapokei simu yangu.

Mimi nina nyumba sita Tabata, ndani ya ukuta mmoja wenye geti moja linalotazama barabara ya vumbi. Muuzaji wa Kariakoo alinionyesha boksi lililoandikwa kwamba kamera huona usiku hadi mita 30, nami nikaamini kwamba kuona ni kumtambua mtu. Nilifunga nane. Ya getini fundi aliipachika chini ya paa, mita 4 kutoka ardhini na mita 11 kutoka getini, akisema kwamba hapo haitafikiwa na mwizi na itaona uwanja mzima. Ni kweli iliona uwanja mzima, na hilo ndilo lililoniponza.

Pikipiki ya mpangaji wangu ilitolewa saa tisa usiku. Asubuhi tulikaa mbele ya runinga, yeye, mimi na mlinzi, tukamtazama mtu mwenye kofia akifungua komeo la geti bila haraka, akaisukuma pikipiki nje na kulirudishia geti kama mwenyeji. Tuliirudia picha ile pengine mara ishirini. Uso wake ulikuwa doa jeupe chini ya ukingo wa kofia. Nje palikuwa na bodaboda ikimsubiri, lakini taa yake ya mbele ilipogeukia kamera, picha yote iligeuka mwanga mtupu na namba haikusomeka. Kituoni askari aliangalia, akaniuliza kwa upole, "Mzee, huyu ni nani?" Sikuwa na jibu.

Baadaye nilikaa na fundi mwingine akanipigia hesabu ambayo yule muuzaji alipaswa kunipigia kabla ya kupokea fedha yangu. Kamera ya megapikseli 2 hutoa picha yenye nukta 1,920 kwa upana. Lenzi yangu ilikuwa ya milimita 2.8, ambayo kwa umbali wa mita 11 hutanua jicho lake hadi mita 26 hivi. Gawanya, utapata nukta 73 kwa kila mita. Uso wa mtu una upana wa sentimita 15 hivi, kwa hiyo uso wa mwizi wangu ulipewa nukta 11 tu. Kwa nukta 11 hata mtoto wako humtambui. Tena usiku, pasipo taa, kamera ya namna hiyo hujimulikia kwa miale ya infraredi na kurekodi kwa rangi nyeupe na nyeusi tu, kiasi kwamba hata shati la rangi nzito linaweza kuonekana jeupe. Nasi tulikuwa tumekwisha kuandikisha kituoni kwamba mwizi alivaa shati jeupe.

Liko jingine lililoniuma zaidi. Mpangaji alikumbuka kwamba wiki moja kabla, mchana kweupe, kijana mmoja aliingia kuulizia chumba na kusimama muda mrefu karibu na ile pikipiki. Tulikimbilia mashine ya kurekodia, tukakuta siku ile haipo. Kamera moja kama zile hujaza takribani gigabaiti 21 kwa siku, nane hujaza zaidi ya 170, na diski niliyouziwa ilikuwa ya terabaiti 1. Baada ya siku tano na ushei mashine ilikuwa inafuta ya zamani ili kuandika mapya. Muuzaji yule alilijua hilo, kwa sababu diski kubwa zaidi ilikuwa hapohapo kwenye rafu yake. Aliniuzia macho manane na kumbukumbu ya siku tano, na nilipomrudia aliniambia niongeze kamera mbili. Siwezi kulisimulia jambo hili bila hasira.

Lakini sababu ya wizi wenyewe haikuwa kamera. Taa pekee ya getini ilikuwa imeunganishwa kwenye mita ya mpangaji wa nyumba ya kwanza, na usiku ule uniti zake za Luku zilikuwa zimekwisha. Geti lilikuwa gizani na mlinzi alikuwa amelala. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nami nitairudia kwa kila anayeniuliza: taa kwanza, mlinzi wa pili baadaye, kamera mwisho.

Taa zangu za sasa ni tano za wati 20, kwenye mita yangu mwenyewe ambayo hakuna mpangaji anayeweza kuizima. Kwa saa 12 za giza zinakula uniti 1.2 kwa usiku, yaani 36 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 357 hivi kwa uniti, ni karibu shilingi 13,000. Kuzinunua na kuzifunga kulinigharimu laki 3 na elfu 10. Ya getini ifunge upande wa ndani, immulike usoni anayeingia. Ukiiweka nje nyuma ya mgongo wake, utapata kivuli chenye miguu. Na isimpige mlinzi machoni, maana atakayekaa ndani ya mwanga haoni gizani.

Kuhusu mlinzi, wangu alikuwa analinda usiku saba kwa saa 12, yaani saa 84 kwa wiki, na mchana akiosha magari ili apate nauli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Nilimkasirikia kwa kulala, na sasa naona kwamba nilikuwa namdhulumu. Leo ninao wawili wanaopokezana usiku mmoja mmoja, kwa makubaliano ya maandishi, na wastani wao ni saa 42. Gharama hii ni nzito kuliko zote, sikufichi. Nimeongeza kodi kidogo kwa kila nyumba, na hakuna aliyehama kwa ajili hiyo.

Geti lako usilibadilishe bila sababu. Mpe fundi wa kuchomelea achomelee kisanduku cha bati nzito kuzunguka komeo, ili mkono usiweze kulifikia kutoka nje.

Zikibaki fedha, nunua kamera mbili badala ya nane. Ya getini iwe na lenzi ya milimita 6, mita 5 kutoka getini, kwenye kimo cha mita 2 na nusu. Hapo uso utapata nukta 60 hivi. Kisha mwite fundi wako saa tatu usiku, mvalishe kofia, apite getini kwa mwendo wa kawaida. Simamisha picha mbele yake. Usipoitambua sura yake, fedha iliyobaki usimlipe.