Stripu za sukari, joto na friji: kabla hujailaumu mashine

"Wakuu, mashine ya mama imesoma 13.6, nikarudia papo hapo ikasoma 8.9. Stripu zimebakiza miezi saba kuisha muda. Nyumba yetu ina joto sana mchana. Niziweke kwenye friji?"

Mkuu, friji hapana, sababu nitaieleza. Kwanza tuone kama hizo namba zinaweza kuwa sahihi zote mbili. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha 2013, kinataka kwa sukari ya 5.55 na kuendelea, vipimo 95 kati ya 100 visipishane na kile cha maabara kwa zaidi ya asilimia 15. Ili mashine isome 13.6 ndani ya ruhusa hiyo, sukari halisi isipungue 11.8. Ili isome 8.9, isizidi 10.5. Haziwezi kukutana, kwa hiyo walau moja imepotoka. Kama mama alikuwa ameshika tunda au juisi kabla ya kipimo cha kwanza, anza hapo: anawe kwa maji na sabuni, akauke vizuri, mpime upya.

Mikono ikiwa safi, mimi nashuku stripu. Ndani ya kila stripu kuna kimeng'enya kinachoshambulia sukari ya kwenye damu, na umeme mdogo unaotokea ndio mashine inaousoma. Joto likikaa muda mrefu linakidhoofisha kimeng'enya. Unyevu unaharibu kemikali zilizo pamoja nacho hata kabla damu haijagusa. Ndiyo maana kosa linaweza kwenda juu au chini, na huwezi kusema "nitatoa mbili kwa kila kipimo".

Na friji sasa. Ukitoa kichupa cha baridi na kukifungua kwenye hewa ya joto, mvuke unagandamana ndani yake kuwa vitone, na stripu zinaulamba. Kichupa chenyewe kimetengenezwa na dawa ya kunyonya unyevu ndani, lakini inafanya kazi mfuniko ukiwa umefungwa. Toa moja, funga papo hapo, ndipo uchome kidole. Usizihamishie kwenye kopo jingine, wala kuzitia kwenye ile mifuko ya kupoozea insulini inayolowekwa maji. (Insulini inaipenda, stripu haziipendi kabisa.)

Tarehe ya kuisha inahesabika tu kama masharti ya kuhifadhi yamefuatwa. Tazama alama ya kipimajoto kwenye kichupa: nyingi zinaishia 30°C, chache zinafika 40°C. Miezi saba iliyobaki haisemi chochote ikiwa kichupa kimeshinda dirishani au kwenye gari lililoegeshwa juani. Soma pia karatasi ya ndani, kwa sababu aina nyingine zinatakiwa ziishe ndani ya miezi mitatu au sita tangu kufunguliwa. Mimi huandika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino kwenye kichupa. Weka kipimajoto cha ukutani kwenye kabati la chini la chumba cha ndani, mbali na jiko na bafu, ukisome saa tisa alasiri. Joto likipita 30 kila siku, tafuta aina inayovumilia 40.

Kuna maji ya kuhakiki yanayouzwa kwa ajili ya mashine yako, yenye sukari inayojulikana. Hayo ndiyo yanakata ubishi. Shangazi yangu alikuwa akipata namba za chini wakati mwili wake unadai kinyume. Kichupa chake kilikuwa kinaishi ndani ya gari, na kiliandikwa 5.6 hadi 7.6 kwa maji hayo. Tulitikisa chupa, tukafuta tone la kwanza, tukapima: 4.7, kisha 4.9. Kichupa kipya, mashine ileile, maji yaleyale, ikatoa 6.5 ndani ya kiwango chake. Mashine haikuwa na kosa. Angalia tu kwamba maji hayo nayo huisha, mara nyingi miezi mitatu baada ya kufunguliwa.

Mashine nayo ina kipimajoto chake ndani, inakitumia kurekebisha jibu kulingana na joto. Ikitoka kwenye gari la moto na stripu zikitoka chumba cha baridi, marekebisho yanakosea. Ziache zote sehemu moja nusu saa kabla ya kupima. Ikionyesha alama ya joto, iko nje ya mipaka yake, usiilazimishe.

Kwa sasa usibadilishe dozi ya mama kwa kutumia kichupa hicho. Akitetemeka, kutokwa jasho au kuchanganyikiwa, mpeni sukari bila kusubiri namba, ila akishindwa kumeza msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Ukipata maji ya kuhakiki, weka hapa jibu lako pamoja na kiwango kilichoandikwa kwenye kichupa, tukiangalie pamoja.