Upungufu Unaotokea Mlango wa Nyuma

Kuna swali linaletwa na wenye maduka wengi wa mtaani, na safari hii limeletwa na kijana mwenye duka la rejareja Tandika, Dar es Salaam: "Nauza kila siku, naandika kila ninachouza, lakini mzigo unaisha kabla ya hela kutimia. Nimfukuze mpwa wangu anayenisaidia?" Jibu ni hapana, usimfukuze bado. Kisa chake nakieleza kirefu kwa sababu duka lake limejengwa kama mengi yetu: mbele kaunta, nyuma mlango, na nyuma ya mlango ni nyumbani.

Kijana huyu alifanya jambo moja la maana kabla ya kumgusa mtu. Badala ya kuhesabu duka zima, kazi inayomaliza siku na kuacha makosa mengi, alichagua bidhaa moja, sukari. Jumapili alfajiri, kabla ya kufungua, aliweka mfuko uliofunguliwa juu ya mizani. Hapo ndipo wengi wanakosea. Mfuko ulioliwa nusu hukadiriwa kwa macho, mtu anasema "hapa pana kama ishirini", na kumbe ni kilo 16. Upungufu wa namna hiyo haukuibiwa na mtu, umezaliwa na macho. Pima, kisha toa uzito wa mfuko wenyewe au wa ndoo.

Alianza wiki na kilo 18. Katikati ya wiki akanunua mfuko wa kilo 50. Jumapili iliyofuata, saa ileile, zilibaki kilo 21. Kwa hiyo zilitoka kilo 47. Daftari la mauzo, ambamo kila kilo, nusu na robo ilipigiwa kijiti, na waliokopa wakiwemo, lilionyesha kilo 41 na nusu. Kilo tano na nusu hazijulikani zilikokwenda.

Mpwa alikuwa ndiye mtuhumiwa wa kwanza, kama kawaida. Tazama kwanza ni vitu gani vinapungua. Kijana alipoangalia bidhaa nyingine aliona sigara zimetimia, betri zimetimia, vocha zimetimia. Vilivyopungua vilikuwa sembe, mchele, mafuta ya kupikia, majani ya chai, sabuni ya mche na viberiti. Mtu anayeiba dukani huchukua kitu kidogo chenye bei, kinachoingia mfukoni na kuuzika kona ya pili. Haibi nusu kilo ya sembe leo na nusu kilo kesho. Orodha ile ilikuwa ya jikoni. Ukiona duka linapungukiwa vitu vinavyopikwa pamoja, na upungufu unalingana wiki hadi wiki, geuka utazame mlango wa nyuma.

Alichofanya baada ya hapo ni kutundika daftari la pili kwenye msumari pembeni ya mizani, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi. Lina safu nne tu: siku, kitu, kiasi, aliyechukua. Mama yake alipoliona alisimama mlangoni na bakuli la bluu mkononi.

"Mwanangu, kwa hiyo mimi ni mwizi dukani kwako?"

"Hapana, mama. Mstari wa kwanza ni wangu. Mkate na soda ya asubuhi."

Akamwonyesha. Ni kweli ulikuwa umeandikwa, na ndiyo sababu mama alikubali. Daftari la namna hii likianza na jina la mke, mama au mpwa, limekufa siku hiyohiyo. Mwenye duka ajiandike kwanza, na aandike hata pipi aliyompa mtoto anyamaze.

Lile bakuli la bluu nalo lilikuwa na habari yake. Mama alikuwa akichota "bakuli moja" kila siku mbili na kuamini ni nusu kilo. Likawekwa kwenye mizani, sukari ikiwa imejaa hadi ukingoni: kilo moja kasoro kidogo. Chombo cha nyumbani kipimwe mara moja, kitiwe alama ya rangi penye nusu kilo, na kuanzia hapo hata asiyejua kusoma anapiga kijiti kwenye mstari wa kitu hicho.

Baada ya siku saba sukari ya nyumbani ilifika kilo 4. Kilo 1 nyingine mama alikuwa ameipeleka msibani nyumba ya tatu, nayo ikaandikwa. Wiki ile nayo mzigo uliotoka ulizidi mauzo kwa kilo tano na nusu, kwa hiyo ilibaki nusu kilo tu. Hiyo ni ya mizani: punje zinazomwagika, na mkono unaomwongezea mteja kidogo. Ingebaki kilo mbili au tatu baada ya kuandika vyote, hapo ndipo pangekuwa na haki ya kuikagua mizani na kumuuliza mpwa.

Sasa hesabu ya shilingi. Vitu vya nyumbani viandikwe kwa bei ya kununulia, siyo ya kuuzia, kwa sababu hukumuuzia mtu. Ukiviandika kwa bei ya kuuzia, daftari litakuonyesha faida ambayo hakuna aliyeilipa. Na usivichanganye na kodi ya pango au umeme. Hayo ni matumizi ya duka, lakini chakula cha nyumbani ni chako wewe mwenye duka, ni kama mshahara uliojilipa kwa sembe na mchele.

Sukari aliinunua 2,700 kwa kilo, hivyo kilo tano ni shilingi 13,500. Alipojumlisha na sembe, mchele, mafuta na vidogovidogo, wiki moja ilifika 48,000. Kwenye kilo ya sukari yeye anapata faida ya shilingi 300. Ili kurudisha 48,000 kwa sukari peke yake, auze kilo 160, zaidi ya mifuko mitatu. Na kila jioni alikuwa akitoa tena hela ya mboga kwenye droo, akiamini hajala kitu cha duka.

Familia kula dukani si kosa, nasema hivi kwa moyo wote. Wangenunua chakula hichohicho kwa jirani kwa bei kubwa zaidi. Kinachoumiza ni kula bila kujua kiasi, kisha kumwekea kinyongo kijana wa watu. Yule mpwa alikaa wiki tatu akitazamwa mikono kila anapofunga duka.

Waliloafikiana ni hili. Jumamosi jioni mama anakabidhiwa kapu la wiki, limepimwa, limeandikwa kwa bei ya kununulia, na kiwango chake kimekatwa kwenye faida inayobaki baada ya pango, umeme na usafiri wa mzigo. Kikipungua kitu Alhamisi, kinanunuliwa kwa hela ya mboga na hela inaingia kwenye droo kama ya mteja yeyote. Wageni na msiba vina ukurasa wao. Mwezi wa Ramadhani kapu linapangwa upya mapema, maana sukari na unga wa ngano vitapanda tu.

Wiki ya pili daftari lilitaka kuharibika. Usiku mmoja mtu aliandika "vitu vya nyumbani, 5,000", bila kitu wala kiasi. Mstari kama huo hauwezi kulinganishwa na mizani. Kijana aliufuta, wakakaa na mama wakakumbushana: sembe kilo 2, majani paketi 1, kiberiti 1. Kalamu ikarudishwa kwenye uzi wake, na bakuli la bluu sasa linakaa dukani, juu ya mfuko wa sukari.