Nusu saa ya Jumatatu, kabla sijashuka Kibirizi

"Wakuu, nauza sabuni za mawese hapa Kasulu, niko peke yangu. Kujibu meseji, kuposti na kupiga hesabu vinanila siku nzima na bado wateja wanapotea. Kuna aliyeweza kuvibana ndani ya nusu saa kwa wiki?"

Mkuu, mimi niko Kigoma mjini, nauza dagaa wakavu kwa WhatsApp Business na kuwatuma mikoani kwa basi. Nusu saa inawezekana, ila tuelewane kwanza. Mteja aliyekwisha lipa simsubirishi wiki nzima. Huyo namjibu kila siku, asubuhi na jioni. Nusu saa ni ya wale waliouliza bei wakanyamaza, ya posti ya wiki, na ya daftari.

Nafanya Jumatatu saa 2 usiku kwa sababu Jumanne alfajiri nashuka Kibirizi kununua mzigo. Nikienda bila kujua watu wangapi wanangoja, nanunua kwa kubahatisha. Wewe tafuta usiku unaotangulia siku yako ya kupika sabuni.

Dakika 15 za kwanza ni za kujibu. Kwenye simu nina lebo tatu tu: KAULIZA, ANANGOJA, KALIPA. Kila meseji mpya inapewa lebo siku ileile inapoingia, kazi ya sekunde tano. Jumatatu nafungua KAULIZA na kushuka nayo mmoja mmoja. Simwandikii kila mtu upya. Nimetunga majibu ya haraka, naandika /bei au /mchanga na maneno yote yanajitokeza, kisha naongeza jina lake mbele. Waliolipa nawahakiki kwenye salio la simu, siyo kwenye picha ya muamala waliyonitumia. Niliwahi kutoa kilo 3 kwa picha, sitaki hata kukumbuka.

Hapohapo na-save namba ya kila mgeni na kumwomba naye a-save yangu. Usiruke hili. Status inaonwa na mtu ambaye wewe unayo namba yake na yeye anayo yako. Ujumbe wa kutuma kwa wengi nao haumfikii asiyekuwa na namba yako. Miezi ya mwanzo nilikuwa naposti kila siku na kushangaa kwa nini walioniulizia bei hawaoni kitu. Walikuwa hawawezi kuona.

Posti inakuja baada ya kujibu, wala sikai kufikiria niposti nini. Naposti jibu la swali lililojirudia sana wiki hiyo. Kuna wiki watu saba waliniuliza kama dagaa wangu wana mchanga. Dagaa walioanikwa chini mchangani kweli wanakuwa nao, wa kwenye chanja hawana. Basi nikachukua bakuli jeupe la maji, nikatia konzi ya dagaa wangu, nikawakoroga kwa vidole, nikawatoa na kuinamisha bakuli mbele ya kamera ili kitako kionekane. Bila muziki, bila maneno. Video hiyo ndiyo niliyoiweka pia kwenye jibu la /mchanga, kwa maana status inafutika baada ya saa 24 lakini swali litarudi wiki ijayo. Dakika 7 zinatosha. Ukiona unaanza kutafuta rangi za maandishi, ujue umeshatoka kwenye kazi.

Sasa hesabu, dakika 8 zilizobaki. Hapa ndipo nilipojikata mwenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Daftari langu lina mstari mmoja kwa wiki, na namba tatu: wageni waliouliza, kati yao waliolipa, na kilo zote zilizotoka. Zamani nilikuwa naangalia kilo tu, wiki hii na iliyopita. Wiki moja zilitoka kilo 41, iliyofuata 14. Nikapagawa, nikasema wateja wamehama. Nikashusha bei kutoka 28,000 hadi 25,000 kwa kilo na kuitangaza usiku uleule. Kesho yake ziwani dagaa wamepanda bei, nikauza kwa hasara mzigo mzima.

Ukweli ulikuwa kwenye namba ambayo sikuitazama. Wiki ya kilo 41 waliuliza wageni 24 wakalipa 9. Wiki ya kilo 14 waliuliza 23 wakalipa 4. Waliouliza hawakupungua! Kilichopungua ni mzigo wangu: nilikuwa nimepata kilo 15 tu, wengine nikawaambia wasubiri. Na mzigo ulipungua kwa sababu ya mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, wavuvi wengi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Kila mtoto wa Kigoma anajua hilo. Mimi nililijua sokoni, nikalisahau kwenye daftari.

Tangu hapo kila mstari unaanza na herufi, G kwa giza au M kwa mbalamwezi, na nalinganisha G na G, M na M. Nilijaribu kwanza kulinganisha na wiki ya nne nyuma, ikaenda vizuri miezi miwili kisha ikapinda, maana mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wiki nne ni siku 28. Herufi haipindi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti nilipiga mstari mwekundu, wiki zile hazilinganishwi na chochote.

Kulinganisha hivyo ndiko kulikonionyesha tatizo la kweli. Ile wiki ya G ya wageni 24 walilipa 9, na wiki ya G iliyofuata waliuliza 26 wakalipa 8. Mzigo ulikuwepo, wengi hawakulipa. Nikasoma mazungumzo ya walionyamaza katika ile ya pili, watu 18: 11 kati yao walinyamaza mara tu baada ya kuniuliza "na usafiri je?" nami nikajibu "inategemea". Nikabadilisha /bei iseme hivi: kilo 2 ni 56,000, basi hadi stendi ya mkoani kwako 5,000, jumla 61,000, mzigo unaondoka Alhamisi. Wiki ya G iliyofuata waliuliza 22, wakalipa 12. Sikubadilisha kitu kingine wiki hiyo, na nakushauri hivyohivyo: ukibadilisha bei, picha na jibu kwa pamoja hutajua kipi kimefanya kazi.

Idadi ya walioona status siiandiki kabisa. Kuna waliozima alama za kusoma, hao wanaona bila kuhesabiwa, na shangazi zangu wote wanaangalia ila hawajawahi kununua hata kilo.

Nikipata wageni zaidi ya 40 kwa wiki, dakika 15 za kujibu hazitoshi. Imenitokea mara mbili kuelekea Krismasi. Siongezi muda usiku ule. Waliobaki nawamaliza Jumanne nikiwa Kibirizi nasubiri mitumbwi, maana pale huwa nimekaa tu.

Kwa sabuni mbalamwezi haitakusumbua. Badala ya G na M jaribu kuandika kama wiki imeangukia mwisho wa mwezi au katikati, maana walimu na manesi wanaonunua kwako wana hela tarehe za mshahara. Na kama mawese unanunua mwenyewe, andika pembeni bei ya dumu la wiki hiyo, ili ukiona faida imeshuka ujue kama ni wateja au ni dumu.