Biaojie ni binamu au dada?

"Natafsiri mti wa ukoo wa mume wangu Mchina. Biaojie nimwandike binamu?"

Usimwandike bado, dada. Biaojie huwa ni binti wa ndugu wa mzazi, aliyekuzidi umri, kwa hiyo uliza kwanza amezaliwa na nani. Wakubwa hawasumbui: bobo ni baba mkubwa, shushu baba mdogo, gugu shangazi, jiujiu mjomba. Kazi iko kwa watoto wao. Wachina huwaita tang watoto wa kaka na wadogo wa kiume wa baba. Waliobaki wote ni biao, hata watoto wa yima, yaani dada au mdogo wa kike wa mama. Kwetu hao wa yima ni ndugu kabisa. Biaojie wa jiujiu au gugu mwandike binamu. Wa yima mwandike dada, na pembeni uongeze "mtoto wa mama mkubwa" au "mama mdogo".