Dar hadi Ihumwa na mtoto wa miezi 7

Swali: "Mwezi wa 7 natoka Dar kwenda Ihumwa na mtoto wa miezi 7, na mabegi mawili. Nikae siti gani, nimlishe wapi, nishukie wapi?"

Dada, kata siti ya dirishani upande wa kushoto, katikati ya basi. Mwezi wa 7 jua liko kaskazini, kwa hiyo ukija Dodoma linapiga kulia. Desemba ni kinyume chake. Siti za juu ya tairi la nyuma zinarusha, mtoto halali.

Usisubiri kituo cha chakula, maana dakika 15 zinaishia foleni ya choo. Mnyonyeshe mkiwa njiani, halafu pale Msamvu mbadilishe nepi kwanza. Kama anatumia maziwa ya kopo, beba maji ya moto kwenye chupa ya chai na unga pembeni, uchanganye akihitaji. Yaliyokwisha kuchanganywa yakipita saa 2 mwaga.

Kuna aliyekujibu ushukie Nanenane, stendi ya mabasi ya Dodoma; yuko sahihi kwa anayekwenda mjini. Ihumwa mnaipita kabla, ukienda stendi utarudi na bajaji na mabegi. Mwambie kondakta mapema kwamba unashukia Ihumwa, Mbezi pale mabegi yanapoingia buti, yasifukiwe na ya wenzio. Mkipita Mtumba, mkumbushe.

Ila kama hakuna wa kukupokea barabarani, au giza limeingia, mimi ningeenda tu mpaka stendi.