Sauti ya pumzi, sauti ya mkwaruzo na sauti ya kawaida: anzia kooni kwako kabla hujafungua Praat

Wanafunzi wa fonetiki wakinijia na rekodi zao wengi huwa na swali hilohilo, hivi hapa msemaji wangu anatumia sauti ya pumzi au ya mkwaruzo, na nikiwauliza kama wao wenyewe wanaweza kuitoa hiyo sauti, wanakaa kimya. Ushauri wangu siku zote ni uleule: jifunze kuzitoa zote tatu kwa koo lako kwanza, ujue nini kinatokea mle ndani, ndo ufungue Praat, ile programu ya kuchambua sauti kwenye kompyuta. Ukishaihisi kooni, ile michoro kwenye skrini unaielewa haraka sana.

Nyuzi sauti ziko mbili, zimelala ndani ya kongomeo. Kwa mbele zimeshikana na hapo haziachani. Kwa nyuma kila uzi umejishikiza kwenye kigegedu kidogo kinachoweza kuzunguka na kuteleza, vigegedu hivyo vinaitwa aritenoidi. Ukitaka kuelewa hizi sauti tatu jiulize hasa vigegedu hivyo viwili viko wapi, vimeachana, vimekutana, au vimebanana. Vikiachana sana hakuna sauti, unapumua tu.

Anza na sauti ya kawaida. Weka vidole viwili shingoni, sema "mmm" halafu ifungue iwe "aaa" bila kusukuma. Hapo aritenoidi zimekutana bila kukazwa na nyuzi zinagusana karibu urefu wake wote. Hewa ya mapafuni inajaa chini yake mpaka inazisukuma, zinaachana kuanzia ukingo wa chini kwenda juu, hewa inapita, kisha zinarudi kufungana, na safari hii pia ukingo wa chini ndo unatangulia. Kwa mwanaume mzunguko huo unajirudia kama mara 100 hadi 120 kwa sekunde, kwa mwanamke kama mara 200. Na hapa naomba tuelewane vizuri maana wengi wanadhani ubongo unatuma amri kwa kila tetemeko: hapana, misuli inaweka mkao tu, kinachotetemesha ni hewa pamoja na unyumbufu wa nyuzi zenyewe, na maelezo haya ndo yale ya Janwillem van den Berg ya mwaka 1958 ambayo bado tunaanza nayo darasani.

Sasa sauti ya pumzi. Hema "hhhh" kama unataka kufuta vioo vya miwani, halafu bila kukata hiyo hewa ingiza sauti taratibu. Usinong'one. Kwenye mnong'ono nyuzi hazitetemeki kabisa, vidole shingoni havihisi kitu, ila kwenye sauti ya pumzi mtetemo upo na hewa inavuja kwa wakati mmoja. Kinachotokea ni kwamba aritenoidi zimeachana kidogo kwa nyuma, nyuzi zinacheza lakini hazifungi vizuri, kwa hiyo kila mzunguko kuna hewa inapita bure na kutoa ule mvumo. Kama unapata shida kuihisi, sema "sahani" au "mahali" harakaharaka ukiwa na vidole shingoni: kwa wengi wetu hiyo h ya katikati haizimi mtetemo, inaulegeza tu, yaani umeshatoa sauti ya pumzi kwa muda mfupi bila kujua.

Ya mkwaruzo inasumbua watu kwa sababu wanakaza shingo. Usikaze. Sema "aaa" na uishushe taratibu, chini, chini zaidi, na upunguze hewa kadiri unavyoshuka, mpaka usikie mapigo yanatoka moja moja, tak, tak, tak. Hapo aritenoidi zimebanana, nyuzi zimekuwa fupi, nene na legevu, zinafunga kwa muda mrefu na mara nyingi ni sehemu ya mbele tu ndo inatetemeka. Mapigo ni machache, mara nyingi kati ya 20 na 70 kwa sekunde, na hayapishani sawasawa. Hewa inayotumika ni kidogo mno. Jipime: vuta pumzi ya kawaida utoe "aaa" ya pumzi, halafu vuta tena kiasi kilekile utoe ya mkwaruzo, utaona ya pumzi inakuishia mapema wakati ya mkwaruzo bado inaendelea.

Ukiweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila kusita, rekodi zote tatu kwenye faili ya WAV kisha ifungue kwenye Praat. Vuta picha karibu mpaka uone kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ya kawaida utaona mawimbi yanayofanana na kupishana sawa. Ya mkwaruzo ni mipigo yenye nafasi kubwa zisizolingana, na mstari wa pichi hapo utakatika au kuruka, sio kwamba mtu kanyamaza, ni kwamba mapigo yameshuka chini ya kiwango ambacho programu imeambiwa itafute, kwa hiyo shusha kile kiwango cha chini hadi 40 hivi, na hata hapo ni bora kuhesabu mapigo kwa macho. Ya pumzi ni mawimbi ya mviringo yaliyochanganyika na vijinyoya vya kelele.

Kutofautisha ya pumzi na ya kawaida kwa macho tu ni ngumu, hapo ndo tunatumia H1 na H2, yaani vilele viwili vya kwanza vya spektra, ule mchoro unaoonyesha nguvu ya sauti kwenye kila masafa. Teua kipande cha katikati ya vokali chenye mizunguko kadhaa ya mtetemo, chagua `View spectral slice`, soma desibeli za kila kilele. Nyuzi zisipofunga vizuri wimbi linakuwa laini na nguvu nyingi inabaki kwenye kilele cha kwanza, kwa hiyo H1 inakuwa juu zaidi ukilinganisha na H2. Zikifunga ghafla na kukaa zimefunga, H1 inashuka.

Mfano ninaoupenda ni Kigujarati, lugha ambayo tunaisikia Dar, Zanzibar na Mombasa. Neno la kumi na mbili na neno la nje, kwa wasemaji wengi, yote yanasikika "baar", tofauti ni kwamba la nje lina a ya pumzi. Nilimrekodi mama mmoja wa Upanga akiyasema ndani ya sentensi ileile moja, na kwa masikio yangu mwanzoni yalikuwa karibu sawa, ila kwenye neno la nje H1 ilipanda wazi juu ya H2, na kwenye kumi na mbili vilikuwa karibu kulingana. Tofauti ilikuwa kubwa mwanzoni mwa vokali kuliko mwishoni, kwa hiyo usipime sehemu moja tu.

Angalizo: linganisha vokali moja kwa moja, a kwa a, ya msemaji yuleyule. Ukichukua i, mwangwi wa kwanza wa mdomo uko chini sana, karibu 300 Hz, unabeba H1 au H2 na kukudanganya kuhusu nyuzi. Na tafadhali usifanye kazi hii kwa voisi za WhatsApp, maana simu nyingi zinafuta kelele, na ule mvumo wa pumzi simu inauhesabu kama kelele. Tumia rekoda au maiki ya kawaida, zima kila kitu kinachoitwa kupunguza kelele, weka maiki pembeni kidogo ya mdomo ili hewa isiipige. Kwenye maandishi ya kifonetiki weka nukta mbili chini ya vokali ya pumzi, a̤, na kimstari cha mawimbi chini ya ile ya mkwaruzo, a̰, ya kawaida iache ilivyo.