Maswali na majibu: transista sita kwa Y = NOT(A·B + C)

Fundi, nahesabu transista 10: sita za AND, nne za NOR. Mwenzangu hapa Malindi asema sita zatosha. Nani mkweli?

Mwenzako. Anza na upande wa chini, baina ya Y na ardhi, maana fomula yenyewe yakwambia Y ishuke lini: A na B zikiwa 1 kwa pamoja, au C ikiwa 1 peke yake. nMOS, transista ya upande huu, hupitisha umeme lango lake likipata 1. Basi zifuatanishe A na B mfululizo, kisha C uiweke sambamba na hizo mbili.

Juu, baina ya Y na VDD, yaani chanya ya betri, weka pMOS, ambazo hupitisha zikipata 0, na ugeuze mpango: A na B sambamba, C mfululizo nazo. Ule ugeuzaji wa NOT umo humo humo, hauna transista zake.

Nimejenga kwa CD4007, chipu yenye jozi tatu za pMOS na nMOS, na betri ya volti 5. Juu nimepanga sawasawa na chini. Majibu mengi ni sahihi, lakini A na B zikiwa 0 na C ikiwa 1, Y haifiki sufuri. Chipu imekufa?

Chipu haina neno, mpango ndio haukugeuzwa. Katika hali hiyo C ya chini yapitisha, na A na B za juu, ulizozipanga mfululizo, zapitisha pia, kwa hiyo VDD na ardhi zinavutana kamba na Y imebaki katikati. Jaribu A na B zikiwa 1 na C 0, utaona mvutano wa pili. Hali sita kati ya nane hutoka sawa, ndiyo maana kosa hili hupita bila kuonekana. Pima mkondo wa betri: geti iliyotulia haili karibu chochote, ila kwenye hali hizo mbili utaona miliampia.

Basi nipe waya, maana hapa hatuna mchoro.

A ni pini 6, B ni 3, C ni 10.

```
14-2    VDD
13-1-11
8-4
5-12    Y
9-7     ardhi
```

Kimantiki, C ya juu yaweza kukaa upande wa VDD au upande wa Y. Lakini ndani ya chipu hii pini 12 imekwisha kuunganisha pMOS na nMOS za jozi moja, kwa hiyo jozi hiyo ipe C, ikae kwenye Y. Pini yoyote ya kuingiza usiiache ikining'inia.

Naweza kufuatanisha transista nane?

Zitafanya kazi, polepole. Kila moja huongeza ukinzani njiani, na pMOS ndizo nzito zaidi. Wabunifu wengi huishia tatu au nne, kisha huigawa fomula.